Nne ya Panga: tunapumzika ao tunakwepana?

Karata ya tarot iitwayo Nne ya Panga ikitoka katika mpangilio wa mapenzi, mtu aliyechoka kugombana hushusha pumzi kabla sijafungua mdomo. Anamwona askari wa zamani amelala chali, mikono imekutana kifuani kama mtu anayesali, dirisha la kanisa liko juu yake, basi anajiambia: asante Mungu, tumepewa mapumziko. Mimi humwacha apumue, maana mara nyingi pumzi hiyo anaihitaji kuliko maneno yangu. Halafu namwomba aitazame picha tena, polepole. Huyo askari hajalala kitandani. Amelala juu ya kaburi, na yeye mwenyewe ni sanamu.

Nashona nguo hapa Kadutu, mjini Bukavu, na karata nawafungulia marafiki na majirani wanaoniomba, jioni, mashine ikishafunikwa. Sitabiri. Kanisani kwetu wapo wanaosema huu ni ulozi, na sibishani nao. Kwangu karata ni picha zinazomfanya mtu aseme kwa sauti jambo ambalo amekuwa akilizungusha kichwani usiku kucha. Bunda langu nililetewa na binamu yangu kutoka Ubelgiji. Ni lile lililotoka London mwaka 1909, Pamela Colman Smith akichora na Arthur Edward Waite akimwelekeza. Nalitaja kwa sababu nitakayoyasema yote yanategemea picha zake. Mwenye karata za Marseille ataona panga nne zilizopinda na ua katikati, bila mtu yeyote, na hapo macho hayatapata kitu cha kushika kama hiki ninachokisimulia.

Kwenye picha yangu, panga tatu zimetundikwa ukutani, ncha zikitazama chini, kuelekea kichwa na kifua cha aliyelala. Ya nne haiko ukutani. Imelala ubavuni mwa kaburi, chini yake, sambamba na mwili wake. Kwenye dirisha la vioo vya rangi kuna mtu amepiga magoti mbele ya mwingine aliyesimama, na ukisogeza karata karibu na taa utasoma herufi tatu kwenye duara la kichwani: PAX. Kwa sisi ambao kanisa letu kuu hapa Bukavu ni la Bibi Yetu wa Amani, neno hilo la Kilatini si geni.

Waite alipoandika maana za karata hii alianza na kukesha. Kisha akataja kujitenga, upweke, mapumziko ya mtawa, uhamisho, na mwisho kaburi na jeneza. Wengi wetu tunachukua hayo mapumziko ya mtawa na kuyaacha mengine mezani. Chama cha siri cha Golden Dawn, alikotokea Waite, kiliiita Bwana wa Kupumzika Baada ya Ugomvi, na kikaiweka chini ya Mshtarii, sayari ya Jupita, ikiwa katika nyota ya Mizani. Baadaye Aleister Crowley na mchoraji wake Frieda Harris waliipa jina lililo kavu zaidi: kusimamisha mapigano.

Hilo la mwisho mtu wa Kivu halihitaji kuelezwa. Mkataba wa Lusaka wa Julai 1999 ulisimamisha mapigano kwenye karatasi, na wote tuliokuwa huku tunajua miaka iliyofuata ilikuwaje. Kusimamisha si kumaliza. Kunafaa kama pande zote mbili zimekubaliana kusimamisha nini, mpaka lini, na baada ya hapo wakutane wapi. Bila hayo, kila mmoja anatumia ukimya kujaza risasi.

Nasema hivi kwa utulivu sasa. Karata hii ilipotoka kwa ajili yangu mwenyewe sikuwa na utulivu wowote.

Ugomvi wetu ulikuwa wa pesa ya parsele. Mimi na baba watoto tulikuwa tumeweka akiba kwa muda mrefu ili tununue kipande cha ardhi upande wa Panzi, tutoke kwenye nyumba ya kupanga ya mbao ambayo jirani akikohoa sisi tunamwambia pole. Yeye ni mwalimu wa sekondari, mimi na cherehani yangu. Pesa ile iliingia kidogo kidogo, mshahara ukichelewa inasimama, msimu wa harusi na komunyo ukija inasogea. Halafu mdogo wake akaoa. Kwetu sisi Bashi mahari ni ng'ombe, hata pale wanapolipwa kwa noti, na baba mkwe wangu alishafariki. Mzaliwa wa kwanza ni nani? Baba watoto. Ng'ombe waliobaki walitoka kwenye parsele yetu, na mimi nikajua siku ya kupokea shukrani, mbele ya wakwe, wakati mzee wa upande wa bibi harusi alipomsifu bwana yangu kwa moyo wake mkubwa. Nilipiga vigelegele kama wengine. Nyumbani ndipo kazi ilipoanza.

Tuligombana kwa kunong'ona, kwa sababu ya watoto na zile mbao. Kugombana kwa kunong'ona kunachosha kuliko kupiga kelele: unamaliza nguvu zote kwenye koo. Kila usiku tulirudi mahali palepale. Mimi: uliniibia. Yeye: nilizika baba, nisioze ndugu? Mimi: ungeniambia. Yeye: ungekataa. Na kweli ningekataa, ndiyo maana jibu hilo lilinikera sana. Usiku mmoja sauti ilimtoka, akaniambia mbele ya watoto wakubwa kwamba kabla sijaolewa naye sikuwa hata na sahani yangu. Baada ya hapo tukanyamaza wote wawili. Kesho yake alisema, akiwa anafunga viatu, "Tuache kwanza, mama. Nimechoka." Nami nikajibu, "Sawa, baba." Nilikuwa nimechoka kweli.

Ukimya ulipokuwa umeshakaa siku kadhaa ndipo nikafungua karata. Ninatumia mpangilio wa karata tano nikitaka kuangalia watu wawili: kushoto mimi, kulia yeye, katikati kilichopo kati yetu, chini mzizi, juu njia inayofuata. Kushoto ilitoka Kumi ya Fimbo, yule mtu aliyeinama chini ya mzigo wa fimbo kumi mpaka haoni nyumba anayoiendea. Kulia, Mbili ya Panga. Chini, Sita ya Sarafu: tajiri ameshika mizani kwa mkono mmoja, kwa mwingine anadondosha sarafu kwa watu wawili waliopiga magoti. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia hiyo. Juu, Haki. Na katikati, Nne ya Panga.

Yaya yangu, dada yangu mkubwa ambaye ndiye aliyenitia moyo kujifunza mambo haya, alikuwa amekuja kupima nguo. Aliangalia meza akacheka bila furaha. "Wee, huyu bwana yako amelala ao anajificha?"

Nikamwambia amelala, si unaona. Akaweka kidole kwenye karata ya kulia. "Na huyu je?"

Mbili ya Panga ni mwanamke aliyekaa kwenye benchi la jiwe, amefungwa kitambaa machoni, bahari iko mgongoni, mikono imepishana kifuani na kila mkono umeinua upanga mrefu. Ukizitazama karata hizi mbili pamoja unaona jambo ambalo kila moja peke yake haikuonyeshi. Wote wametulia. Wote hawatazami. Lakini aliyelala hana upanga mkononi hata mmoja. Mikono yake iko mitupu, imekutana. Aliyekaa ameshika zote mbili, na hawezi kuzishusha bila kufungua kifua. Jaribu wewe mwenyewe kukaa hivyo na vijiko viwili vya kusongea bugali uone mabega yatakavyokuambia. Huo si usingizi. Ni kazi ngumu ya kutofanya kitu.

Tangu siku hiyo, karata hii ikitoka baada ya ugomvi, swali langu la kwanza ni hilo: katika ukimya huu, nani bado ameshika upanga? Nne ya Panga yenyewe haikujibu. Inakuambia mapigano yamesimama, basi. Majirani zake mezani ndio wanaoonyesha upande. Ikikaa karibu na Kiasi, yule malaika anayemimina maji kutoka kikombe kimoja kwenda kingine, au Sita ya Panga yenye mashua na watu wanaovuka, mimi naelekea kwenye kupumzika. Ikikaa na Mbili ya Panga, au Nne ya Vikombe yenye kijana aliyekunja mikono chini ya mti huku akinyooshewa kikombe asichokitazama, au Mwezi, nakuwa macho. Na nafasi inahesabika. Nne ya Panga ikitua kwenye nafasi ya mtu mmoja, huyo mmoja ndiye aliyejilaza. Mwenzake pengine bado amesimama na panga zake. Ikitua katikati, kama ilivyotua kwangu, ni hali ya nyumba nzima, na inabidi umwangalie kila mmoja anaikaliaje.

Hapo nikaacha meza nikaanza kuangalia nyumba, kwa sababu karata haijui alichonacho moyoni mtu ambaye hayupo mezani. Mwili haudanganyi haraka. Mimi nilikuwa nalala. Kwa mara ya kwanza tangu harusi ile nilikuwa nalala mpaka jogoo, nakula, na mkasi haukunitetemeka mkononi. Hasira ilikuwepo, lakini ilikuwa imeanza kugawanyika: niliona kwamba ng'ombe ni jambo moja, kufichwa ni jambo jingine, na lile neno la sahani ni la tatu kabisa. Kabla ya hapo vyote vilikuwa donge moja. Ugomvi ukipumzishwa vizuri hupungua unene na kuonyesha sehemu zake, kama panga zile tatu zilizotundikwa kila moja kwenye msumari wake.

Baba watoto hakuwa analala. Nilimsikia akigeuka. Alikuwa ameongeza masomo ya jioni kwa wanafunzi wa mtihani wa serikali, jambo zuri, lakini siku ambazo hakukuwa na somo pia alirudi baada ya watoto kulala. Akikuta nimekaa sebuleni, anawasha redio. Nikisema "baba, ile…", anakumbuka kitu nje. Siku moja mtoto alitaja Panzi tu, kwa sababu ya rafiki yake wa shule anayekaa huko, na chumba chote kikaganda. Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Anayepumzika anaweza kusikia jina la jambo lile bila kushtuka, anaweza hata kusema "hilo bado, tutalifikia." Anayekwepa hulazimika kulinda kila mlango ambao jambo hilo lingeweza kuingilia, na milango inaongezeka kila wiki. Kwanza hatuzungumzi parsele. Kisha hatuzungumzi mdogo wake. Kisha pesa yoyote. Mwisho tunaulizana kama sombe imeiva, na hapo tumefika kwenye jeneza la Waite.

Kwa hiyo karata ilikuwa na ukweli wa pande mbili ndani ya nyumba moja. Mimi nilikuwa nimelala, yeye alikuwa amekaa na kitambaa machoni. Nadhani hali hii ni ya kawaida kuliko tunavyokiri, na ndiyo inayowafanya wasomaji wa karata wagombane wao kwa wao juu ya maana. Wanauliza karata ni kupumzika au ni kukwepa, wakati ingefaa kuuliza ni kwa nani.

Kuhusu karata kupinduka, sitakaa sana. Wengine hupenda kusema Nne ya Panga ikitoka kichwa chini basi mtu anaamka, au anakataa kupumzika. Waite mwenyewe kwa upande huo aliandika uangalifu, ubanaji wa matumizi na wosia. Mimi sizigeuzi karata. Nikizigeuza natafuta njia ya kutoroka.

Kutoroka kwingine ni kuchomoa karata ya ziada ili ifafanue. Vidole viliniwasha. Lakini yaya ana kanuni moja aliyonifundisha na sijaiacha: usirudi mezani mpaka kitu kimebadilika nyumbani. Ukirudi kabla, unaziuliza karata swali ambalo ulipaswa kumuuliza bwana wako, na kila jibu zuri utakalopata litakuongezea ukimya. Karata zenyewe zinageuka kuwa kitambaa cha macho.

Basi nikaitazama Haki, iliyokuwa juu. Golden Dawn waliiweka Nne ya Panga kwenye Mizani, na Haki ndiyo karata kubwa ya Mizani. Zikitoka pamoja huwa nazisoma kama sentensi moja. Kwenye Haki kuna upanga mmoja, umesimama wima mkononi, na mizani kwenye mkono mwingine. Kwenye Nne ya Panga kuna ule mmoja usiotundikwa, uliolala karibu na mkono wa askari. Niliusoma hivi: za ukutani zibaki ukutani kwa sasa, huu wa chini ndio utakaosimamishwa kwanza. Upi? Nilipima. Ng'ombe wameshakwenda, hawarudi. Neno la sahani lilikuwa bado bichi mno. Kufichwa ndiko kulikokuwa karibu na mkono, kwa sababu ndiko kungeweza kujirudia mwezi ujao.

Nilimsubiri asubuhi, kabla hajavaa viatu, kwa sababu viatu nilishavijua. Nikamwambia, "Baba, ulisema tuache kwanza, na mimi nimekubali. Nimepumzika kweli, asante. Sasa nataka tujue tunaacha mpaka lini." Akasema tutaongea. Nikamwambia tutaongea si siku. Sikutaja ng'ombe, sikutaja ndugu yake. Nilisema nina swali moja tu, linahusu kuambiana, na yale mengine yanaweza kungoja. Akakaa kimya kidogo akasema Jumapili, baada ya misa.

Jumapili hiyo hakuweza. Kulikuwa na kikao cha familia, kwao, na kwa kweli kilikuwepo. Wapo watakaosema hapo hapo ndipo jibu lilipopatikana: anakimbia. Mimi siiti kuahirisha kuwa kukwepa. Naangalia kama anayeahirisha anaweka siku nyingine mwenyewe, bila kuvutwa. Aliporudi jioni alisema, akiwa bado mlangoni, "Itakuwa Jumapili ijayo, mama. Naomba." Kama angenyamaza nami ningelazimika kufukuza siku ya pili na ya tatu, ningeanza kuisoma karata kwa upande wa kaburi.

Nimewahi kuisoma hivyo kwa mwingine. Msichana mmoja wa Nguba alikuja kwangu, mchumba wake amepanda boti kwenda Goma baada ya ugomvi mkali, na tangu hapo hajibu simu. Nne ya Panga ilitoka kwenye nafasi ya mchumba, Nane ya Vikombe ikaifuata: mtu amegeuza mgongo, vikombe vyake vimepangwa nyuma, anapanda mlima usiku. Alitaka sana niseme kijana anapumzika. Nikamuuliza, alikuambia anapumzika? Hapana. Alikuambia atarudi kuongea lini? Hapana. Basi hayo mapumziko ni ya nani? Mtu akijilaza bila kumwambia mwenzake kwamba amejilaza, mwenzake anakesha peke yake mlangoni. Sikumwambia kijana amemwacha; hilo sikulijua na karata hazikulijua. Nilimwambia ajiwekee siku yake mwenyewe, na ikipita, aache kumhesabia mwingine usingizi ambao hakuuomba.

Na kuna hali ambayo sifungui karata kabisa. Mwanamke akija na uso umevimba, Nne ya Panga haina cha kumwambia kuhusu uponyaji wa ndoa. Ukimya unaofuata kipigo ni muda wa kuondoka, kwenda kwa mama, kwa yaya, kwa yeyote mwenye mlango unaofungwa kwa ndani. Waite aliandika na uhamisho kwenye karata hii, nami hapo nalishika neno hilo moja tu, kisha naweka bunda kabatini na tunaongelea nauli.

Jumapili ya pili watoto walikwenda kwa yaya. Baba watoto alizima redio mwenyewe. Nikauliza swali langu: kwa nini hukuniambia, hata baada ya kutoa? Nilitegemea arudie kwamba ningekataa. Akasema jingine. Kwamba mjomba wake alimwambia mbele ya wazee, mwanaume anayeomba ruhusa kwa bibi yake ili amwoze ndugu hana haja ya kukaa kwenye kiti cha baba. Alitoa pesa ndani ya juma hilo. Kisha kila siku aliyokaa bila kuniambia ilifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi, na alipoona napiga vigelegele pale harusini alidhani labda nimejua na nimesamehe. Alisema usiku alikuwa anapanga maneno, anayabomoa, anapanga tena. Nikamwambia nilikusikia ukigeuka.

Hakukuwa na machozi ya kukumbatiana. Tulibishana tena, safari hii kwa sauti ya kawaida, kuhusu mjomba. Lakini tulibishana kuhusu jambo lililokuwepo mezani, na lilipoisha liliisha. Tukakubaliana pesa yoyote ya parsele isitoke bila sisi wawili kuhesabu pamoja, na daftari la akiba likahamia kwenye droo ya cherehani yangu. Baada ya kula alilala mchana, kwenye kiti, mdomo wazi. Hapo ndipo yeye alipoanza kupumzika kwa kweli, wiki kadhaa baada yangu.

Nilirudi mezani siku nyingine, kwa kuwa sasa kitu kilikuwa kimebadilika. Nne ya Panga haikutoka, na sikuitafuta. Upande wa baba watoto ilitoka Malkia wa Panga, ambaye upanga wake umesimama na mkono mwingine ameunyoosha kama anayekaribisha mtu. Yaya alisema hiyo ni mimi, nimekaa kwenye nafasi ya bwana yangu. Nikamwambia ni yeye anajifunza kusema. Hatujaafikiana mpaka leo.

Suala la ng'ombe lilijinyoosha polepole lenyewe. Mdogo wake sasa anauza sambaza pale sokoni na bibi yake, na mwisho wa mwezi ukiwa mzuri analeta kitu. Ukiwa mbaya anakuja kusema ni mbaya, na hilo nalo nimelipokea. Bado hatuna Panzi. Tunaongelea Panzi, watoto wakiwepo.

Lile neno la sahani lingali ukutani. Nililijaribu mara moja, akabadilika uso, nikaona mikono yake inatafuta pa kushika. Nikaliacha, ila sikuliacha hewani. Amesema tuliongee watoto wakifunga shule, mwanzoni mwa Julai, kwa sababu anataka aliseme mbele yao, kama alivyolisema mbele yao. Siku hiyo ameiandika mwenyewe kwenye daftari la akiba, chini ya hesabu za mwezi wa sita.